Kabla hujamwita kijana wa kaunta mwizi, pima mtungi

Wacha nikuambie kitu ambacho chuo hakikunifunza, labda kwa sababu sikukimaliza. Mwaka jana mjomba wangu aliniita Kipini. Ana duka pale, la jumla na rejareja, linalouza kila kitu kuanzia sukari na mafuta hadi kamba na ndoano za wavuvi. Alikuwa ameweka sistimu mpya ya stoki kwenye kompyuta na ilikuwa inamtesa. Kwenye familia yetu mimi ndiye "mtu wa kompyuta". Kumbe hata aliyeacha masomo ana kazi siku ya shida.

Nilipofika nilikuta kesi. Sistimu ilionyesha mafuta ya kupima yamepungua kilo 48 kwa miezi miwili. Mafuta yale yalikuwa yakiuzwa shilingi 250 kwa kilo, kwa hivyo hasara ilikuwa shilingi 12,000. Aliyekuwa akiuza mafuta ni kijana mmoja tu, na mjomba alishaamua. Pesa zingekatwa kwenye mshahara wake kidogo kidogo, halafu mwisho wa mwezi aende kwao. Kijana aliniambia maneno machache tu: "Kaka, mimi sijui hiyo kompyuta inasema nini, lakini sijachukua."

Msimamo wangu ninausema mapema ili usinisome ukingoja: sistimu mpya ikionyesha upungufu katika miezi yake ya kwanza, mshukiwa wa kwanza awe ni vipimo vilivyoingizwa ndani yake. Binadamu afuate baadaye. Na ukiwa wewe ndiye kijana wa familia unayeitwa kuweka hizi programu, basi hilo ni jukumu lako, usimwachie mwenye duka.

Turudi kwenye mafuta. Duka hununua mtungi wa lita 20. Aliyeweka sistimu alisoma "20" kwenye mtungi, akatazama kwamba dukani mafuta huuzwa kwa kilo, akaandika kwamba mtungi mmoja ni kilo 20. Ni kosa la sekunde tatu. Lita si kilo. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja hivi, ndiyo maana watu wengi huchanganya. Mafuta ya kupikia ni mepesi kuliko maji, na ndiyo sababu ukiyamwaga kwenye maji yanaelea. Lita moja ya mafuta ni kama kilo 0.92. Kwa hivyo mtungi wa lita 20 una kilo 18.4.

Sikumweleza mjomba kwa maneno. Tulichukua mtungi mzima ambao haujafunguliwa tukauweka kwenye mizani yake mwenyewe. Ukasoma kilo 19.4. Tukaweka mtungi mtupu wa aina ileile, ukasoma kilo moja. Akatoa mwenyewe, akanyamaza. Kila mtungi ulioingia dukani, sistimu iliamini kuna kilo 1.6 ambazo hazijawahi kuwepo. Katika miezi ile miwili mitungi 30 ilikuwa imeuzwa. Zidisha 30 kwa 1.6 upate 48. Hakuna gramu iliyoibiwa.

Hapo uliza swali la maana: je, tungejuaje bila bahati? Kuna alama. Upungufu unaotokana na kipimo huenda sambamba na mauzo. Tulipofungua rekodi tulikuta duka lilihesabiwa mara mbili. Mara ya kwanza, baada ya mitungi 12, zilikosekana kilo 19. Mara ya pili, baada ya mitungi mingine 18, zilikosekana kilo 29. Gawanya kila moja kwa kilo zilizoandikwa kuingia, yaani 240 na 360, na mara zote unapata asilimia 8. Mwizi hana nidhamu ya namna hiyo. Mwizi huchukua nyingi wiki ya karo, halafu anatulia akiona macho. Ukiona uwiano uleule unajirudia kila hesabu, acha kutafuta mtu. Tafuta namba iliyokosewa.

Na kosa lile halikumgusa kijana peke yake. Mjomba alikuwa akinunua mtungi kwa shilingi 4,140. Sistimu ikagawanya kwa 20 ikamwambia kilo moja imemgharimu shilingi 207, kwa hivyo akiuza 250 anabaki na 43. Ukweli ni kugawanya kwa 18.4, ambayo ni shilingi 225, na faida ni 25. Alikuwa akitoa punguzo la shilingi 20 kwa wenye hoteli akidhani bado anakula vizuri. Alikuwa anabaki na shilingi tano.

Basi tukaamua kuanza upya, tukapitia hatua ambazo ziliruka kwa haraka ya mwanzo. Nitakupa kama zilivyokuwa, kwa sababu duka la kwenu halitakuwa tofauti sana.

Hatua ya kwanza haina kompyuta ya ajabu: ni orodha ya bidhaa. Aliyeweka sistimu alinakili daftari la zamani lote hadi mstari wa mwisho. Sukari peke yake ilikuwa na majina manne: "Sukari", "SUKARI KILO", "sukari nyeupe" na "Sugar 50". Muuzaji wa asubuhi alibonyeza moja, wa jioni nyingine. Matokeo yake jina moja lilionyesha stoki chini ya sifuri na jingine likaonyesha magunia ambayo hayapo. Ukizijumlisha zote nne, hesabu ilikaribiana na gunia zilizokuwa nyuma. Sukari ilikuwapo, jina ndilo lililogawanyika.

Tuliitoa orodha yote tukaiweka kwenye Excel, tukaandika kila jina upya kwa mpangilio mmoja: kitu, aina, kipimo. "Sukari nyeupe kupima". "Unga sima pakiti 2kg". "Ndoano namba 8". Ukishapanga majina hivyo, ukiyaweka kwa alfabeti, pacha wote wanakuja kusimama jirani na unawaona kwa macho. Kabla ya hapo "Jumla unga" alikuwa kwenye J na "Unga wa jumla" kwenye U, wasijuane.

Hapa nina onyo moja. Usisafishe orodha peke yako ukiwa umekaa na laptopu kwenye baraza. Mimi nilitaka kuunganisha mistari miwili ya uzi wa nyavu kwa sababu majina yalifanana, moja imeandikwa 210D/9 na nyingine 210D/12. Mama anayeuza upande wa wavuvi, ambaye yuko dukani tangu mimi nikiwa darasa la nne, alinitazama akacheka. "Mwanangu, huo wa tisa ni mwembamba. Mvuvi ukimpa huo badala ya kumi na mbili, kesho asubuhi anakurudishia na matusi." Namba ile ya mwisho ni idadi ya nyuzi zilizosokotwa pamoja. Anayejua tofauti ya bidhaa ni anayeiuza, si anayeiandika. Na bidhaa isiyouzwa tena usiifute. Izime tu, isionekane kwenye mauzo, kwa sababu rekodi za zamani bado zinaitegemea.

Hatua ya pili ndiyo roho ya mambo: vipimo. Kila bidhaa kwenye sistimu huwa na kipimo kimoja cha msingi, kile ambacho stoki yote huhifadhiwa nacho. Vingine vyote hutafsiriwa kwenda hicho. Kanuni niliyojifunza ni hii: kipimo cha msingi kiwe kile kidogo unachouzia, na kiwe kinaweza kupimwa kwa chombo. Unga wa pakiti unanunuliwa kwa beli la pakiti 12, lakini mtu anakuja kununua moja, kwa hivyo msingi ni pakiti na beli ni 12. Sukari inanunuliwa kwa gunia la kilo 50 na kuuzwa hadi robo, kwa hivyo msingi ni kilo, gunia ni 50, na robo ni 0.25.

Mjomba anatumia ERPNext, programu ambayo msimbo wake uko wazi na huna haja ya kuununua. Kule mafuta sasa yameandikwa hivi:

```
Item: Mafuta ya kupima
Default Unit of Measure: Kg
UOM: Mtungi    Conversion Factor: 18.4
```

Kuna mtego hapa ambao wengi hawauoni hadi umewabana. Ukishafanya muamala mmoja tu wa bidhaa, programu hii haikuruhusu kubadilisha kipimo cha msingi. Ulichagua beli na sasa unataka pakiti? Itabidi ufungue bidhaa mpya, uhamishe stoki, na uizime ile ya zamani. Si ukaidi wa programu. Kama rekodi 300 za nyuma zilikuwa za beli na leo neno linageuka kuwa pakiti, historia yote inakuwa uongo. Ndiyo maana vipimo hupangwa kwanza, wakati duka bado halijauza hata kiberiti ndani ya sistimu.

Sisi tulikuwa na bahati, msingi wa mafuta ulikuwa kilo tayari, tulibadilisha 20 kuwa 18.4 tu. Lakini elewa kwamba kubadilisha namba hiyo hakurekebishi yaliyopita. Manunuzi ya nyuma yanabaki na 20 yake. Kwa hivyo tulipima mafuta yaliyopo tukaingiza kiasi halisi kupitia `Stock Reconciliation`, ndipo stoki ya kwenye kioo ikalingana na ya kwenye rafu.

Halafu ikaja kamba, na hapo Kipini ikanifunza. Wavuvi wa pale hawanunui kamba kwa mita, wananunua kwa pima. Pima ni mikono miwili ikinyooshwa, kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole, na kwa hesabu ya kawaida ni futi sita, yaani mita 1.83. Rola la mita 220 linatoa pima 120. Lakini aliyekuwa akipima dukani ni jamaa mrefu kweli. Tulipomnyoosha mikono tukaweka futi ya fundi, tukapata mita 1.95. Rola lilelile kwa mikono yake linatoa pima 112 na kipande. Pima saba au nane za kila rola zilikuwa zinaenda na wavuvi, bila mtu yeyote kukosa uaminifu. Na siku akiuza yule mama, ambaye ni mfupi, mvuvi ndiye alikuwa anapunjwa.

Hapo programu haiwezi kukusaidia hata iwe ya mamilioni. Tuliweka msingi kuwa mita, pima ikawa 1.83, kisha tukachora mistari miwili ya rangi nyekundu kwenye kaunta, umbali wa sentimita 183. Sasa kamba hupimwa kwa kaunta, si kwa kifua. Mvuvi bado anaomba pima, tena kwa Kiswahili chake kilekile. Wahenga wetu walikuwa na kibaba na pishi, na walijua pishi moja ni vibaba vinne. Kibadilishio hakikuletwa na kompyuta. Kompyuta inakulazimisha tu ukiandike sawasawa.

Hatua ya tatu ni kuhesabu. Sistimu huanza na hesabu ya mwanzo, na ikiwa mbovu, kila ripoti inayofuata ni mbovu. Tulihesabu siku ya Ijumaa, duka likiwa limefungwa kutwa. Mmoja anahesabu, mwingine anaandika, na karatasi yao ina majina na vipimo tu. Haina namba ya kompyuta. Hiyo ni makusudi. Mtu akiona sistimu inasema 43, macho yake yatapata 43. Mzigo ulioingia siku hiyo uliwekwa kando chini ya turubai, usihesabiwe mara mbili. Palipotofautiana sana tulibadilisha watu wakahesabu upya.

Hatua ya nne ni kufunza watu, na hapa ndipo sisi vijana tunapokosea kwa kiburi. Aliyekuja mwanzo aliwakusanya wafanyakazi jioni wakiwa wamechoka, akawaonyesha kila kitufe kwa saa mbili, akaondoka. Kesho yake kijana wa kaunta alikuwa anajua kitu kimoja: kuandika 1 na kubonyeza mauzo. Robo ikawa 1, kilo ikawa 1, gunia likawa 1.

Sisi tulifanya tofauti. Tulifungua nakala ya mazoezi isiyogusa duka la kweli. Tukachukua risiti kumi za jana yake, za kweli, zenye robo za sukari, mabeli, pima za kamba na mteja aliyerudisha bidhaa. Kila mtu akaziingiza mwenyewe, mimi nimekunja mikono. Kisha tukafungua stoki tukaona kama imepungua inavyotakiwa. Aliyeuza robo akiona kilo nzima imepungua anaelewa papo hapo, hahitaji hotuba. Na kila mtu alifunzwa kazi yake tu. Wa kaunta ni mauzo na marejesho. Anayepokea mzigo ni kupokea na kukagua kipimo. Mjomba ni ripoti na marekebisho, basi.

Yule mama aliogopa kipanya kuliko papa. Siku mbili za kwanza aliuza kwa daftari, kijana akimwingizia huku yeye akitazama. Siku ya tatu akamsukuma kando. Tuliwaachia pia karatasi moja ukutani yenye vipimo vya bidhaa zinazouzwa sana, na daftari la umeme ukipotea: saa, bidhaa, kiasi, kipimo. Hairuhusiwi kuandika "sukari 2" tupu. Mbili nini? Yote huingizwa kabla ya duka kufungwa, si kesho.

Kwa wiki mbili daftari na kompyuta vilienda pamoja, kwa bidhaa 20 zinazotoka sana. Kila jioni tulihesabu chache kati yake. Mafuta yalipokuja kuhesabiwa baada ya mitungi minane, tofauti ilikuwa chini ya kilo moja. Hiyo ni ile inayobaki kwenye kuta za mtungi na kijiko. Haiishi kabisa, na mwenye duka anapaswa kukubali kiasi fulani badala ya kutafuta sifuri.

Sasa wewe msomaji, pengine unafikiri hili ni duka dogo la pwani na halikuhusu. Lakini nawajua wengi wetu tunaokula kwa kazi hizi. Unaitwa kwenye duka la dawa, hadwea, hoteli, unaweka programu kwa siku moja, unalipwa, unapanda matatu. Huoni kinachofuata. Kinachofuata ni mtu anayelipwa kidogo kuliko wote kusimamishwa mbele ya kioo cha kompyuta asichokielewa, aulizwe kilo 48 ziko wapi.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyopotea kwa makusudi ya mfanyakazi. Makusudi. Lita kuandikwa kilo si makusudi ya muuzaji, ni uzembe wa aliyeandika. Kama kuna wa kukatwa, ni mimi na wewe tunaoweka hizi sistimu.

Kijana bado yuko dukani. Mjomba hakumwomba msamaha kwa maneno, wazee wetu unawajua. Alimrudishia pesa za mwezi ule alizokuwa ameshaanza kukata, akampa ufunguo wa stoo, na sasa yeye ndiye anayepokea mzigo. Mtungi wa aina mpya ukiingia, kabla ya kuuandika popote, anaubeba kwanza hadi kwenye mizani.